Nimemkumbuka mkubwa wangu wa zamani siku ya shida tu. Ninyi mnawawekaje watu wa kazi?

karani_shimanzi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nafanya kazi ya nyaraka kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, huu ni mwaka wa 9. Kazi yangu ni makaratasi: ankara, hati ya shehena, tamko la forodha, halafu kulifuatilia kasha mpaka litoke. Watu wengi wa kazi nawajua kwa sauti tu, kwenye simu.

Sina moyo wa yale mambo ya kwenda vikao vya hotelini Nyali kugawa kadi. Nikijaribu najiona kama niko sokoni napima watu. Basi nimekaa kimya, na kimya chenyewe kimekuwa kirefu. Juzi nilikwama na kasha la friji lililozuiliwa. Mtu pekee niliyejua ana jibu ni mkubwa wangu wa zamani, ambaye sijamsalimu tangu 2021. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikatuma: "Habari za siku nyingi? Samahani kwa usumbufu, nilikuwa na swali kidogo." Baada ya dakika 10 akajibu: "Salama. Nikusaidie nini?"

Alinisaidia, tena vizuri. Lakini hilo "nikusaidie nini" limenikaa kooni wiki nzima. Huyu mtu alinifundisha kazi, na sasa ananijua kwa shida tu. Ninyi mnafanyaje watu wa kazi wasipotee, bila mambo kugeuka nipe nikupe?

Kijana_Mtopanga

Dada, kama wataka kazi mpya usizunguke. Andika wasifu wako kurasa 2, usizidi, upeleke kwa mawakala wa meli mkono kwa mkono. Mimi nilipeleka 40 nikaitwa na 3.

karani_shimanzi

Ahsante kaka, lakini sitafuti kazi. Kazi ninayo. Watu ndio wananitoka.

Chumvi_ya_Likoni

Mbona rahisi. Kwenye WhatsApp tengeneza ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi. Mimi nina watu 210. Idi mbili, Krismasi na mwaka mpya wote wanapata salamu zangu na picha nzuri. Hakuna anayeweza kusema nimemsahau. Tena ongeza wapya kila wiki, hata usiowajua sana, kwa sababu bahati hutoka kwa watu wa mbali. Jambo hilo limefanyiwa utafiti.

mama_makasha

Karani, marahaba kabla hujaniamkia, maana nadhani nimekuzidi umri. Nina miaka 23 kwenye mizigo na nilianzia meza hiyo hiyo yako.

Tazama tena ule ujumbe wako. Mkubwa wako alijibu alichoulizwa. Ulianza na salamu, lakini salamu yenyewe ilikuwa karatasi ya kufungia haja, naye ameifungua akaona kilichomo. Sisi watu wa Pwani twajua salamu. Mtu akikusalimia kibarazani kila asubuhi, siku akija na shida humwulizi "wataka nini", kwa sababu umeshapokea salamu zake mia zisizo na kitu nyuma. Wewe umepeleka moja tu kwa miaka kadhaa, na hiyo moja ilikuwa na mzigo.

Mimi nilijifunza haya kwa ubaya. Treni ya mizigo ilipoanza mwaka 2018, na baadaye ikaja amri kuwa makasha ya bara yapande reli yakatolewe forodha huko huko juu, ofisi yetu ilibaki tupu. Wakongwe wa Mombasa mwakumbuka maandamano ya Jumatatu ya 2019. Tulikuwa watu 11 meza moja. Wengine walihamia Embakasi, baadaye wengine Naivasha, mmoja akafungua duka la vipuri, mmoja akarudi kwao Taita. Mwaka mzima niliwaandikia nilipokwama tu: "Bwana, hili tamko huko kwenu linapita vipi?" Mwanzo walijibu haraka. Baadaye wakajibu kesho yake. Mwisho mmoja alinijibu neno moja: "Sijui." Na alikuwa anajua, maana ni jambo nililomwona akilifanya kwa macho yangu.

Hapo nikaanza daftari. Usicheke, ni daftari la kawaida la kurasa 96. Kila mtu ana ukurasa wake, na sehemu kubwa ya ukurasa haina namba ya simu wala cheo. Ina kitu cha mwisho alichoniambia kuhusu maisha yake au kazi yake, na tarehe. "Mtoto anaingia kidato cha kwanza." "Anapigana na mfumo mpya wa forodha, nywila inamkataa." "Mgongo unamuuma, amepunguza kusafiri." Ni hivyo tu.

Nilianza na majina 60. Kufika mwezi wa 3 nilikuwa nakwepa kulifungua, maana kila nikilitazama naona madeni. Nikapunguza mpaka 24. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana naandikia watu 2. Kwa hesabu hiyo kila mmoja ananisikia baada ya wiki 12, kama mara 4 kwa mwaka. Kwa mtu wa kazi hiyo yatosha sana. Ukizidisha, ataanza kujiuliza una nini.

Nikuandikie mfano kwa huyo mkubwa wako, kisha utie maneno yako mwenyewe:

"Habari za mchana bosi. Leo kijana wetu mpya ameandika uzito wa ankara mahali pa uzito wa hati ya shehena. Nikakumbuka ulivyonirudishia faili mara 3 kwa kosa hilo hilo. Nimemfundisha kama ulivyonifundisha. Nakusalimia tu, sina swali. Nisalimie nyumbani."

Kuna kumbukumbu ambayo ni yenu wawili peke yenu, kwa hiyo hawezi kudhani umetuma kwa watu 210 (nisamehe, Chumvi). Kuna habari ya leo. Na kuna "sina swali", inayomwondolea mzigo wa kungoja haja ifuate. Mwanzoni yaandike maneno hayo waziwazi. Baada ya mara 2 au 3 hutayahitaji.

karani_shimanzi

Shikamoo mama. Nimesoma polepole. Na siku ya haja yenyewe je? Maana itakuja tu, kazi yetu hii hakuna anayejua yote.

mama_makasha

Marahaba mwanangu. Siku ya haja, anza na haja. Usimzungushe habari za watoto mistari 5 halafu umpige na swali, hapo utaharibu hata zile salamu zako za nyuma, ataona zote zilikuwa chambo. Sema: "Kaka, leo nina shida ya kazi, nipe dakika 5 ukipata nafasi. Kasha la friji, limezuiliwa kwa sababu hii, nimeshajaribu hiki na hiki." Uliyojaribu ni lazima uyataje, yanamwonyesha hukumfanya njia ya mkato. Kisha jambo ambalo wengi hawalifanyi: likishatatuka, rudi umwambie limeishaje. Mtu akikupa jibu halafu asisikie mwisho wake, anajiona kama dirisha la kuulizia.

Mwalimu_Tononoka

Chumvi, utafiti unaousema upo, ila umeushika mkia. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha kazi yake juu ya uhusiano dhaifu. Alikuwa amehoji watu waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, jirani na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, takriban 17 kwa mia tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Kundi kubwa, karibu 56 kwa mia, walionana naye mara moja moja. Waliobaki, kama 28 kwa mia, ni kwa nadra. Sababu yake inaeleweka hata kwa hapa Mombasa: wa meza yako wanajua unayoyajua. Aliyehamia Embakasi anasikia mengine.

Lakini mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa uliotumia majaribio ya LinkedIn kwa watu zaidi ya milioni 20. Huo ulionyesha kuwa uhusiano unaosaidia zaidi katika kubadilisha kazi ni ule dhaifu wa wastani. Ukidhoofika kupita kiasi, faida inashuka. Kwa hiyo kuongeza usiowajua kila wiki sicho kinachosemwa pale. Watu kama wale 11 wa mama_makasha ndio hasa: waliwahi kukujua vizuri, sasa wako mbali kidogo.

Na hiyo orodha yako, wote 210 wana namba yako kwenye simu zao? Ujumbe wa orodha hiyo ya WhatsApp humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengine hawapati kitu, nawe hutajua.

Chumvi_ya_Likoni

Hilo la namba sikulijua, mwalimu. Nimeingia kutazama Idi iliyopita, na kweli wengi ni tiki moja. Lakini sitaacha salamu za Idi. Kuna wazee ambao ile picha wanaingojea, na nisipotuma wananiuliza kama naumwa.

mama_makasha

Usiache. Idi ni Idi. Mimi nasema tu isiwe ndiyo salamu pekee anayoipata kwako.

FundiFriji_Changamwe

Naomba niseme upande wa pili. Mimi ni fundi wa makasha ya friji. Kuna mtu nilifanya naye kazi zamani, akapotea miaka 4, kisha akaanza kunisalimu. Salamu nzuri kabisa kama hizo za mama, bila swali, mwaka mzima. Siku moja akaniomba nimdhamini mkopo kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Niliona haya kukataa. Alilipa miezi 5 akatoweka, na chama kikaanza kukata akiba zangu. Shilingi 140,000 zimekwenda. Sasa nikiona "nakusalimia tu" moyo unaruka. Mtu atajuaje salamu safi na salamu ya mtego?

mama_makasha

Pole sana fundi. Mwanzoni huwezi kujua, nami sitakudanganya. Ninachofanya ni kutenganisha: watu wa daftari nawapa maarifa, muda wangu, jina la mtu anayefaa, na kumwombea mtu mahojiano kama kazi yake nimeiona. Pesa na udhamini viko nje, kwa wote, hata ninayempenda. Nikiombwa nasema hivyo siku hiyo hiyo. Mmoja alikasirika na sikumsikia tena.

FundiFriji_Changamwe

Kusema ni rahisi kama huyo mtu hajakaa na wewe msibani kwako. Huyu wangu alikaa.

EPZ_mpaka_Embakasi

Mimi ni mmoja wa waliohamishwa juu. Niwape hisia za anayepokea. Mwaka wa kwanza Nairobi simu za Mombasa zilikuwa nyingi na zote za kuomba msaada. Jioni nilikuwa naweka simu kimya. Kulikuwa na mama mmoja tu aliyenitumia picha ya bahari ya Mama Ngina asubuhi na kuandika: "Leo maji yamejaa mpaka kwenye mawe unayoyajua." Simu yake sikuacha kuipokea hata siku moja. Serikali mpya iliporudisha utoaji wa mizigo Mombasa, Septemba 2022, na sisi tukaanza kurudi, yeye ndiye wa kwanza niliyemwambia kampuni yetu inatafuta ofisi ya kushirikiana nayo. Sikufanya hesabu ya kulipa fadhila. Nilipofikiria Mombasa, sura yake ndiyo iliyokuja.

Ila mama_makasha, nina neno moja. Hizo wiki 12 kwangu ni kama ratiba ya kumeza dawa. Ningejua niko kwenye zamu ya Jumatano ningejisikia vibaya.

mama_makasha

Nimelifikiria hilo sana, na sina jibu linaloniridhisha lote. Najua tu kwamba kabla ya daftari niliwapenda hawa watu na sikuwaandikia. Daftari linanikumbusha siku. Maneno nayatoa moyoni siku hiyo. Kuna Jumatano nafungua ukurasa sina cha kweli cha kusema kwa mtu, basi siandiki, naruka nakwenda kwa mwingine. Nikiruka mtu mara 3 mfululizo, namtoa. Pengine uhusiano wetu ulikwisha kwa heri, na si kila mtu wa kazi ni wa maisha.

karani_shimanzi

Mama, kuna jambo naona haya kuliuliza. Karibu wote niliofanya nao kazi ni wanaume, na wana wake zao. Nikiandika "nimekukumbuka" mchana kweupe, hapa Mombasa, litasomwaje na mwenye nyumba akishika simu?

Ukhty_Bondeni

Hilo ndilo nililokuwa nangoja mtu aseme. Mimi siwaandikii kabisa. Nimebaki kwenye lile kundi la ofisi yetu ya zamani, na salamu zangu naweka humo mbele ya watu wote. Mmoja akipandishwa cheo nampongeza humo, akifiwa natoa pole humo na mchango wangu kwa mweka hazina. Miaka 6 sasa, na heshima iko.

mama_makasha

Ukhty, njia yako ni salama na sitaipinga. Kasoro niliyoiona ni kwamba kwenye kundi la watu 80 huwezi kumwambia mtu "ulinirudishia faili mara 3", na kumbukumbu hiyo ndiyo yenye uzito. Mimi naandika saa za kazi tu, kati ya saa 8 na saa 10 mchana, nataja kazi, sisemi "nimekukumbuka" bali "kazi fulani imenikumbusha", na wake zao wengi nimeonana nao harusini. Nikipiga simu nyumbani mke akipokea, nazungumza naye kwanza. Lakini mimi nina miaka 51. Kwa msichana wa miaka 30 sijui kama yatachukuliwa vivyo hivyo.

Ukhty_Bondeni

Hayachukuliwi. Nakwambia kwa yaliyonipata, na sitaeleza zaidi hapa.

karani_shimanzi

Narudi baada ya wiki 3. Nilichukua daftari, nikaandika majina 14, zaidi ya hapo sikufika. Wanawake 5 nimewaandikia moja kwa moja. Wanaume nimechagua wawili tu, niliofanya nao kazi muda mrefu na ninaofahamiana na jamaa zao. Waliobaki nitawasalimu kwenye kundi kama Ukhty.

Katika 7 niliowaandikia, 5 wamejibu. Mmoja kimya. Namba moja imeshakuwa ya mtu mwingine kabisa, kijana wa Malindi, akaniombea dua akaniambia nimtafute ninayemtafuta.

Mkubwa wangu nilimwandikia kuhusu kijana na ule uzito, karibu kama mfano wa mama, ila kosa lilikuwa la kweli, lilitokea Jumatatu. Sikupata jibu siku hiyo. Kesho yake asubuhi alinitumia sauti ya dakika 2 na nusu. Alicheka, akasema yeye mwenyewe kosa hilo alilifanya mwaka wake wa kwanza na kasha likalala bandarini siku 9. Kisha akasema: "Mwambie huyo kijana alinganishe na namba ya sili pia, kabla hajatuma." Halafu akaniuliza kama lile kasha la friji lilitoka. Nilikuwa sijamwambia. Niliona aibu, nikamweleza lilivyotoka na gharama iliyolipwa.

Nimekwama kwa mmoja. Tulikaa dawati moja miaka 4, dada wa Kisauni. Kwenye ukurasa wake nikaandika kitu cha mwisho alichoniambia, na kitu chenyewe ni msiba wa mamake. Ilikuwa mwaka juzi. Sikwenda, sikutuma mchango, hata pole sikuandika, nilikuwa na mizigo ya mwisho wa mwezi. Sasa kila nikianza kuandika salamu naona ni uongo.

mama_makasha

Huyo usimwandikie. Mpigie, au nenda, Kisauni si mbali. Ukimpata usianze na habari za siku nyingi. Mwambie nilisikia msiba wa mama na sikuja. Usitaje mizigo ya mwisho wa mwezi, hiyo sababu ni yako. Halafu nyamaza umwache aseme. Anaweza kukulaumu, na umsikilize mpaka amalize. Ukienda, chukua sukari na majani ya chai, kama ungeenda siku ile.

karani_shimanzi

Jumamosi alasiri, nikitoka kazini. Nimeshauliza nyumba.